Kupitia na kupitisha: kila lango la mradi linaamua nini

Katika taasisi nyingi kubwa zenye ofisi ya miradi, kikao cha lango huitwa "kikao cha kupitisha mradi", na tatizo linaanzia kwenye jina hilo. Kupitia andiko ni kulisoma ukitafuta palipolegea; kupitisha ni kuliruhusu liendelee. Kikao kikishaitwa cha kupitisha, mjumbe aliyekuja na swali anaonekana mkorofi, na meneja wa mradi anakuja akiwa amekwisha kumwahidi mkandarasi tarehe ya kuanza. Lango la namna hiyo ni kama kizuizi cha barabarani ambacho mti wake umesimama wima siku zote: askari yupo, daftari lipo, lakini hakuna gari lililowahi kusimamishwa.

Lango, kwa maana yake halisi, ni mahali ambapo taasisi inaamua kama itanunua hatua inayofuata ya mradi, hatua hiyo moja tu. Mradi haupewi fedha zote siku ya kwanza. Unapewa za kutosha kujibu swali lililo mbele yake, kisha unarudi na jibu, na wenye mamlaka wanaamua kama jibu hilo linastahili fedha nyingine. Mtafiti wa Kanada, Robert Cooper, ndiye aliyeueneza mfumo huu katika miaka ya 1980, akiangalia jinsi viwanda vinavyobuni bidhaa mpya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali ya Uingereza ikaanzisha mapitio sita ya miradi yake mikubwa, yaliyopewa namba kuanzia 0 hadi 5, na taasisi nyingi zenye malango leo zimefuata mpangilio unaofanana na huo. Kuna tofauti moja ambayo hupotea njiani. Mapitio yale ya Uingereza hufanywa na watu wa nje ya mradi na hutoa ushauri kwa mwenye dhamana, hayaamui. Taasisi inayochukua namba zile bila kusema nani anaamua hujikuta na ripoti nzuri ya mapitio na mradi usiokuwa na mtu aliyeukubali wala kuukataa.

Ili mambo haya yasibaki hewani, nitafuata mradi mmoja kutoka lango la kwanza hadi la mwisho. Nimeutunga, na namba zake ni za kufanyia hesabu tu, lakini mazingira yake ni ya kweli. Taasisi yenye makao makuu Tabora na tawi Kigoma inataka kujenga kiwanda cha barafu karibu na mwalo wa Kibirizi, kwa sababu wachuuzi wa migebuka na kuhe hupoteza samaki kabla hawajafika sokoni. Wazo ni mtambo wa kutoa tani 10 za barafu kwa siku. Taasisi ina kanuni moja ya uwekezaji: fedha iliyowekwa irudi ndani ya miaka 6.

Lango la 0 linauliza kama tatizo lipo na kama ni letu. Hapo hakuna mchoro wala bei ya mtambo. Kuna kurasa 2 au 3 zinazosema nani anaumia, kwa kiasi gani, na kwa nini taasisi hii, si halmashauri wala mfanyabiashara binafsi, ndiyo ishughulike. Likipita, linatoa shilingi milioni 8 za kufanya upembuzi wa awali kwa wiki 6. Makosa ya hapa ni machache na ya bei nafuu, kwa hiyo tusikawie.

Lango la 1 linachagua njia. Barafu si jibu pekee la samaki kuoza. Lipo gari la ubaridi, lipo jiko bora la kukaushia, lipo suala la kuuza mapema zaidi. Andiko linalofika kwenye lango hili likiwa na njia moja tu limekuja kuomba baraka, na mimi ningelirudisha bila kulisoma zaidi ya ukurasa wa yaliyomo. Gharama inayotajwa hapa, shilingi bilioni 1.6 katika mfano wetu, ni kadirio la mbali linaloweza kupotoka kwa nusu yake au zaidi, na wajumbe wanapaswa kuelezwa hivyo kwa maandishi. Namba iliyotajwa bila upana wake hugeuka ahadi. Miaka 2 baadaye mtu atatoa muhtasari wa kikao na kusema mlituambia bilioni 1.6. Lango la 1 likipita, linatoa shilingi milioni 45 za upembuzi yakinifu na usanifu wa awali.

Sasa tufike kwenye lango la 2, ambalo kwa maoni yangu ndilo lango lenye thamani kuliko yote, ingawa halina picha wala utepe. Swali lake ni hili: kwa tunayoyajua sasa, je, mradi huu bado unajilipa? Mpaka hapo zimetumika shilingi milioni 53 kati ya bilioni 1.6, yaani chini ya senti 4 kwa kila shilingi. Kusimamisha mradi hapa ni hasara ndogo. Kuusimamisha nguzo zikiwa zimesimama ni jambo jingine.

Andiko linakuja na hesabu ifuatayo. Tani 10 kwa siku, shilingi 200 kwa kilo, siku 360 kwa mwaka: mapato ni shilingi milioni 720. Gharama za kudumu, kama mishahara, ulinzi na matengenezo, ni milioni 120 kwa mwaka, na umeme na maji ni shilingi 50,000 kwa kila tani, ambazo kwa tani 3,600 ni milioni 180. Kinabaki kiasi cha milioni 420, na bilioni 1.6 inarudi chini ya miaka 4. Kila hatua ya kujumlisha ni sahihi, kiasi kwamba mkaguzi wa hesabu asingepata pa kuweka alama nyekundu.

Mjumbe anayewakilisha tawi la Kigoma, mama aliyekulia Ujiji, anafungua ukurasa wa mapato na kuomba nafasi. "Ndugu Mwenyekiti," anasema, "hizi siku 360 ni za wapi? Mbalamwezi ikiwaka, karabai hazina kazi. Wavuvi wanakaa nyumbani karibu wiki nzima kila mwezi. Na ziwa lenyewe likifungwa, hiyo barafu atanunua nani?"

Swali lake lina mambo 2. Uvuvi wa dagaa na migebuka katika Ziwa Tanganyika hufanyika usiku kwa taa zinazowavuta samaki, na usiku wa mwezi mpevu taa hizo hazishindani na mwanga wa mbinguni. Jambo la pili ni kwamba mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani humo kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, chini ya makubaliano ya nchi 4 zinazolizunguka ziwa. Mradi unaokusudiwa kuishi miaka 15 hauwezi kupanga mapato yake kana kwamba mapumziko ya namna hiyo hayatatokea tena.

Hesabu inarudiwa palepale kikaoni. Miezi 9 ya uvuvi ni siku 270. Ukitoa siku 7 za mbalamwezi kila mwezi, yaani 63, zinabaki 207. Tani zinazouzwa ni 2,070, mapato ni milioni 414. Umeme na maji vinashuka hadi milioni 103.5, lakini mishahara na ulinzi havishuki kwa sababu mwezi umewaka. Kinachobaki ni milioni 190.5, na bilioni 1.6 sasa inarudi baada ya miaka 8 na miezi kadhaa. Kanuni ni miaka 6.

Wakati huu ndipo sentensi hatari kuliko zote husikika: "Lakini tumeshatumia milioni 53." Ukweli ni kwamba milioni 53 zimekwisha ondoka, mradi uendelee au usiendelee, na hazina nafasi katika uamuzi unaoangalia mbele. Mwenyekiti mzuri huisikia sentensi hiyo, huiandika kwenye muhtasari na kuendelea. Asiye mzuri huitumia kufunga mjadala.

Uamuzi wa lango si lazima uwe ndiyo au hapana. Kamati inaweza kusema pita, au pita kwa masharti, au rudi ukarekebishe, au subiri mpaka jambo fulani lijulikane, au simama kabisa. Kwa kiwanda chetu uamuzi ni rudi ukarekebishe, kwa wiki 8, na muhtasari unataja kitu kimoja cha kurekebisha: ukubwa wa mtambo ulingane na siku halisi za uvuvi. "Andiko liboreshwe" ni maneno yanayomwacha meneja akibadili rangi za majedwali.

Wahandisi wanarudi na mtambo wa tani 6 wenye chumba kinachopozwa cha kuhifadhi tani 45. Mtambo mdogo unafanya kazi siku zote 270 za msimu, hata wiki ya mbalamwezi, na barafu ya wiki hiyo inasubiri chumbani mpaka mitumbwi iingie tena majini. Zinapatikana tani 1,620 kwa mwaka, ambazo zikigawanywa kwa siku 207 za uvuvi ni karibu tani 8 kwa siku, kiasi ambacho utafiti wa mwaloni unakiunga mkono. Mapato ni milioni 324, gharama za kudumu ni milioni 100, umeme na maji milioni 81. Kinabaki kiasi cha milioni 143. Ujenzi, kwa kadirio lililo imara zaidi, ni milioni 850, na fedha inarudi kwa miaka 6 kasoro kidogo. Lango la 2 linapita. Kumbuka kwamba mradi uliopita si ule ulioingia, na gharama yake imepungua kwa karibu nusu kwa sababu mtu mmoja aliuliza juu ya mwezi.

Hapa inafaa kusema nani alikuwa amekaa mezani, maana utawala wa mradi ni suala la viti. Yupo mdhamini wa mradi, mkurugenzi ambaye fedha zinatoka kwenye fungu lake na ambaye ataulizwa faida isipopatikana. Yupo mwakilishi wa watakaokitumia kitu hicho, ambaye hapa ni mama wa Kigoma. Yupo anayesimamia uwezo wa kiufundi, na yupo wa fedha. Meneja wa mradi anahudhuria, anaeleza na kujibu, lakini hapigi kura, kwa kuwa hawezi kuwa mwombaji na mtoaji kwa wakati mmoja. Ofisi ya miradi nayo haina kura. Kazi yake ni kuhakikisha andiko limefika siku 5 za kazi kabla ya kikao, kwamba limejibu maswali ya lango husika na si ya lango jingine, na kwamba masharti ya lango lililopita yametimizwa. Ofisi ya miradi ikianza kuamua, wakurugenzi huacha kusoma, kwa sababu wanajua kuna mtu atakayelaumiwa badala yao.

Lango la 3 ni la kusaini mkataba. Kabla yake zabuni imetangazwa, bei zimefunguliwa, na makadirio yamegeuka bei ya mtu halisi. Baada ya saini, kusimama kunamaanisha kulipa fidia. Kwa kiwanda chetu mzabuni aliyeshinda ametaja milioni 930. Maji ya ziwa yalipanda sana katika miaka ya 2020 na 2021 na kufunika sehemu za mwambao, kwa hiyo msingi unainuliwa juu zaidi ya ulivyochorwa mwanzo, na bei imepanda nao.

Meneja anaandika dokezo linalosema kwamba bei iko ndani ya wigo ulioruhusiwa, kwa sababu kamati ilimpa nafasi ya kuzidi kwa asilimia 10, na asilimia 10 juu ya milioni 850 ni milioni 935. Dokezo hilo ni sahihi, na linapotosha. Wigo wa asilimia 10 umewekwa ili meneja asikimbilie kamati kila nondo inapopanda bei katikati ya ujenzi. Haukuwekwa ili kujibu swali la lango la 3, ambalo ni kama mradi bado unajilipa kwa bei hii. Gawanya milioni 930 kwa milioni 143: miaka 6 na nusu. Bajeti imekubali, kanuni ya uwekezaji imekataa. Nimeona vikao vingi vikilinganisha bei ya zabuni na bajeti peke yake na kusahau kulifungua tena jedwali la faida, na ukinipa jambo moja tu la kurekebisha katika malango ya taasisi yoyote, ningechagua hilo.

Kamati inaondoa jengo la ofisi na uzio, vyenye thamani ya milioni 75, baada ya kitengo cha ununuzi kuthibitisha kwa maandishi kuwa upunguzaji huo hauhitaji kutangaza zabuni upya. Inabaki milioni 855, na fedha inarudi kwa miaka 6 kasoro wiki moja hivi. Wa fedha haridhiki, na ana haki. Anashusha bei ya barafu kwa shilingi 10 tu, kutoka 200 hadi 190 kwa kilo: kinachobaki kwa mwaka kinashuka hadi karibu milioni 127, na muda unaruka hadi miaka 6 na miezi karibu 9. Mradi unaoanguka kwa shilingi 10 haujasimama vizuri. Kwa hiyo kamati inapitisha kwa sharti: kabla ya saini, meneja wa tawi la Kigoma alete makubaliano ya maandishi ya wanunuzi wa angalau tani 900 kwa mwaka kwa bei isiyopungua 200, ifikapo mwisho wa mwezi. Sharti lina mwenyewe, lina kipimo, lina tarehe. Na kitu kimoja kinazuiwa mpaka litimie, ambacho ni saini. Sharti lisilozuia chochote hubaki kwenye muhtasari kama pambo. Njia ya kulijua ni kuuliza nini hakitafanyika lisipotimizwa, na ukiona wajumbe wanatazamana, swali limekwisha jibiwa.

Kati ya lango la 3 na la 4 kamati haikai kila wiki kumwangalia mkandarasi. Meneja anaendesha kazi ndani ya mipaka aliyopewa ya gharama, muda na ubora, na siku anapoona mpaka utavukwa, si siku umevukwa, anaandika taarifa ya dharura kwa mdhamini akieleza sababu na njia 2 au 3 za kutoka. Hiyo ndiyo maana ya wigo. Meneja anayeleta taarifa baada ya fedha kwisha ameinyang'anya kamati uamuzi wake, hata kama kazi yenyewe ni nzuri.

Lango la 4 linauliza kama kitu kiko tayari kufanya kazi na kama watu wako tayari kukiendesha. Kwa kiwanda cha barafu maana yake ni kwamba mtambo umetoa tani 6 kwa siku kwa siku 3 mfululizo kwa umeme wa laini itakayotumika kila siku, maji yake yamepimwa na yanafaa kunywewa, kwa kuwa barafu inagusa chakula, na waendeshaji wanajua la kufanya gesi ya kupozea ikivuja. Orodha ni fupi. Ugumu uko kwenye kalenda. Katika taasisi moja niliyowahi kuifanyia kazi, lango hili lilikaa siku 4 kabla ya uzinduzi: mahema yamekodiwa, fulana zimechapwa, mgeni rasmi amethibitisha. Jaribio la mwisho lilikuwa halijafanyika kwa sababu transfoma haikuwa imefungwa. Tulipitisha. Mgeni rasmi alikata utepe mbele ya mtambo uliokuwa unaunguruma kwa jenereta la kukodi, na jenereta lilipoondoka jioni ile, mtambo ulikaa kimya kwa miezi 5. Tangu hapo nimekuwa nikishauri jambo moja la kiutaratibu: tarehe ya uzinduzi isiombwe mpaka lango la 4 limepita. Likitangulia sherehe, kamati inabaki na uhuru wa kusema subiri.

Lango la 5 hufanyika mwaka 1 baada ya kuanza, na mara nyingi halifanyiki kabisa, kwa sababu meneja amehamishiwa mradi mwingine na kamati imevunjwa. Dawa yake iko nyuma, kwenye lango la 3: jina la mtu atakayeleta hesabu za lango la 5 liandikwe siku mkataba unaposainiwa, na liwe la mtu wa tawi, si la mradi. Kwa kiwanda chetu, meneja wa tawi analeta vitu 3: tani zilizouzwa, bei ya wastani, na siku ambazo mtambo ulisimama na sababu yake. Ikiwa zimeuzwa tani 1,300 badala ya 1,620 kwa bei ileile, mapato ni milioni 260, gharama ni milioni 165, kinabaki kiasi cha milioni 95, na muda wa kurudisha fedha umefika miaka 9. Uamuzi uliopo si wa kujenga tena. Ni wa kupandisha bei, au kutafuta wanunuzi wengine miezi ile ambayo ziwa limefungwa, au kumkodisha mtambo mtu anayeweza kuuendesha kwa gharama ndogo zaidi. Na jedwali la siku 207 linarudishwa ofisi ya miradi Tabora, likawekwe mbele ya andiko jingine lolote litakaloomba fedha za mwambao huo.